Simu ya mteja imekupita kwa sababu ya tofauti ya saa: pima pengo kwanza, ndipo uandike samahani

Jumatano ya tarehe 11 Machi 2026, saa kumi na mbili kasorobo jioni, niliichomoa simu kwenye chaja nikakuta nimepigiwa mara tatu WhatsApp, na chini yake ujumbe: "Mwanangu, nimekusubiri nusu saa. Natoka kwenda kazini." Mteja wangu huyu ni mama mmoja anayeishi Boston, anajenga Kigamboni, na mimi ndiye mchora ramani wake. Tulikuwa tunaongea kila Jumatano saa kumi na mbili jioni ya Dar. Kwa saa yangu nilikuwa nimewahi robo saa. Kwa saa yake nilikuwa sijatokea kabisa.

Nikaandika barua pepe ya samahani kwa dakika mbili. Ilikuwa hivi:

> Samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza leo. Kulikuwa na mkanganyiko wa muda. Naomba tuongee kesho saa 11 jioni. Asante kwa uelewa wako.

Sikuituma, na nashukuru sikuituma, maana ingezaa simu ya pili ya kupitwa. Nilikuwa naomba radhi kwa kosa ambalo sijalijua, na ndani ya "kesho saa 11 jioni" nilikuwa nimeshapanda kosa jipya. Hapa chini naeleza jinsi ya kulitafuta kosa lenyewe, halafu jinsi barua ilivyokaa baada ya kulipata.

## Anza na pengo

Usianze na nani kakosea. Chukua saa ambayo mteja alikuwa anasubiri na saa ambayo wewe ulidhani ni ya miadi, zote mbili uzigeuze ziwe za mji mmoja, kisha toa. Mimi nilipigiwa mara ya kwanza saa kumi na moja kamili, na nilitegemea kumi na mbili kamili. Pengo ni saa moja. Namba hiyo peke yake inaondoa nusu ya mambo unayoyashuku.

## Pengo la saa moja

Kama mteja yuko Marekani au Ulaya na mmezoea kuongea wiki nyingi bila shida, sababu karibu kila mara ni kwamba kwao wamesogeza saa. Dar, Nairobi na Kampala hatusogezi. Huku karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mwanga wa kuufukuzia. Sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sehemu kubwa ya Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na 1 Novemba kwa Marekani, na 29 Machi na 25 Oktoba kwa Ulaya.

Angalia hilo pengo la wiki tatu kati ya tarehe 8 na 29 Machi. Mwenye wateja London na Boston anaweza kuwa sahihi kwa mmoja na kumkosa mwingine wiki hiyo hiyo, akadhani simu yake ndiyo mbovu.

Kwangu hesabu ilikuwa hivi. Hadi Jumamosi ya tarehe 7 Machi, Boston ilikuwa nyuma ya Dar kwa saa nane, kwa hiyo saa nne asubuhi ya kwake ilikuwa kumi na mbili jioni ya kwangu. Kuanzia Jumapili ya tarehe 8 iko nyuma kwa saa saba, na saa nne asubuhi ile ile ikawa kumi na moja jioni. Mama hakubadilisha kitu. Aliamka, akanywa chai, akapiga saa nne.

Basi kwa nini kalenda haikunishtua? Kwa sababu ilitii nilichoiambia. Januari nilipouweka mkutano wa kila wiki kwenye Google Calendar niliandika 18:00, na kalenda ikauchukulia kuwa 18:00 ya Dar es Salaam daima. Marekani waliposogeza saa, mkutano haukuhama kwangu, ulihama kwake: kwenye kalenda yake ulisomeka 11:00. Lakini yeye haishi kwa kalenda. Tulikubaliana kwa mdomo "saa nne asubuhi, kabla sijaingia zamu", na zamu haisogei kwa ajili yangu.

Hapo ndipo utakapojua kosa ni la nani. Uliza: kati yenu wawili, siku ya nani imefungwa na kitu kisichohamishika, kama zamu, shule ya watoto au treni? Saa ya huyo ndiyo saa ya miadi, na mwenzake ndiye anayepaswa kufuata. Kwangu mimi jibu lilikuwa wazi, na likawa sentensi ya pili ya barua yangu.

Pengo la saa moja lina chanzo kingine ambacho hakina uhusiano na kusogeza saa. Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu na Lubumbashi wako saa moja nyuma ya Dar mwaka mzima, na Muskati na Dubai wako saa moja mbele. Wengi wetu huwasahau kwa sababu tunaongea nao Kiswahili na tunawaona majirani. Ukipishana kwa saa moja na mteja wa Muskati mwezi wa Machi, usimwandikie habari za kusogeza saa, atakushangaa. Hapo kilichotokea ni kwamba mlitaja saa bila kutaja mji, kila mmoja akashika ya kwake.

## Pengo linalolingana na umbali mzima wa miji

Kama uko Dar na mteja yuko London wakati wa baridi, na pengo ni saa tatu kamili, hakuna aliyekosea hesabu. Hakuna aliyepiga hesabu. Mmoja aliandika "Alhamisi saa nane mchana" na mwingine akasoma saa nane ya kwake. Dawa yake ni jina la mji mbele ya kila saa, basi. Vifupisho vya herufi tatu siviamini: IST kwa mmoja ni India na kwa mwingine ni Israeli, BST ni kiangazi cha Uingereza na pia ni saa ya Bangladeshi, na watu wengi huandika EST hata mwezi wa Julai ambapo saa hiyo haitumiki Boston. Mji hauna utata.

## Pengo la saa sita

Hili ni letu wenyewe. Sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua na kuzama kwake, kwa hiyo saa yetu na ile inayosomeka kwenye skrini hupishana kwa sita. Ukiongea haisumbui. Inasumbua pale unapoandika tarakimu. "Tuonane saa 3" kwa mtu wa Moshi ni baada ya chai ya asubuhi. Kwa mgeni aliyetoka Hamburg ni 3:00, na kwa kuwa hakuna anayepanga kikao cha kazi usiku wa manane, anajirekebishia mwenyewe kuwa 15:00. Atakuja saa sita baada yako, tena akiamini amekusoma kwa hekima.

Kuna sura yake nyingine ambayo hujificha zaidi: watoto wa ndugu zetu waliozaliwa ughaibuni. Kiswahili chao kizuri, shikamoo wanatoa, lakini saa wameijulia shuleni kwao. Wakisema "saa kumi asubuhi" wanamaanisha 10:00, ambayo kwako ni saa nne. Dalili ni hiyo hiyo, mtu anataja saa isiyoendana na kipindi cha siku. Saa kumi yetu ni alfajiri au jioni, haijawahi kuwa asubuhi.

Kanuni niliyojiwekea ni kutenganisha vyombo. Tarakimu zinabeba saa ya skrini, kwa mtindo wa saa 24: 10:00, 17:00. Maneno yanabeba saa ya Kiswahili: saa nne asubuhi, saa kumi na moja jioni. Sichanganyi. "Saa 11 jioni" ya kwenye barua yangu ya kwanza ilikuwa mchanganyiko, na mtu mwenye haraka angeweza kuisoma 11:00 ya asubuhi, au saa kumi na moja jioni ya Boston.

## Pengo la siku nzima

Hili humpata anayeongea na Amerika ya magharibi. Mteja wa Los Angeles anasema Jumatatu 16:00. Mwezi wa Aprili hiyo ni 02:00 ya Dar, na kalenda inasema ni Jumanne. Sisi tunaiita Jumatatu usiku saa nane, kwa sababu kwa mazoea yetu usiku haujaisha hadi kupambazuke. Basi unaweka alamu ya Jumanne usiku, na mteja ameshaondoka saa 24 zilizopita.

Hapa jina la siku peke yake halitoshi, lazima tarehe iandikwe kwa kila mji: "Los Angeles Jumatatu tarehe 6, 16:00, Dar Jumanne tarehe 7, 02:00, yaani usiku wa kuamkia Jumanne". Maneno hayo "usiku wa kuamkia" ni dawa ambayo Kiswahili kinayo tayari, yatumieni.

Pengo la saa 12 ni mchana na usiku kugeuzana, na tarakimu za saa 24 hulimaliza. Pengo lenye nusu saa ndani yake mara nyingi maana yake mteja yuko India, ambako wako saa mbili na nusu mbele yetu.

## Hakiki saa mpya kabla ya kuitaja

Saa ya dunia kwenye simu inaonyesha tofauti ya leo, si ya siku unayoipanga. Ukipanga tarehe 4 Machi simu ya tarehe 11 kwa kutazama saa hiyo, utakosea kama nilivyokosea. Njia rahisi ni kuweka tukio kwenye kalenda kwa tarehe yenyewe, kuchagua saa za eneo la mteja (palipoandikwa "Time zone", karibu na muda wa tukio), na kusoma linakaa wapi kwako. Mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuuliza moja kwa moja:

```
TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d 'TZ="America/New_York" 2026-03-13 10:00' +%H:%M
```

Itajibu 17:00. Badilisha tarehe iwe 2026-03-06 nayo itajibu 18:00. Tofauti hiyo ndiyo iliyonigharimu Jumatano yangu. Boston haina jina lake kwenye orodha ya miji inayotumiwa na amri hiyo, inafuata New York.

## Barua iliyotumwa

> Samahani kwa simu ya leo. Naomba Ijumaa 13 Machi, 10:00 Boston / 17:00 Dar
>
> Shikamoo Mama,
>
> Samahani kwa kukusubirisha leo. Kosa ni langu: saa ya Boston ilisogea mbele Jumapili, mimi nikabaki na hesabu ya zamani, nikaja saa nzima baada yako.
>
> Naomba tuongee Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026:
>
> Boston: 10:00 (saa nne asubuhi)
> Dar es Salaam: 17:00 (saa kumi na moja jioni)
>
> Nitakupigia mimi, WhatsApp, namba ile ile. Kama Ijumaa una zamu, basi Jumamosi tarehe 14, saa hizo hizo. Nijibu neno moja tu, "Ijumaa" au "Jumamosi".
>
> Nimeambatanisha ramani mbili za choo cha wageni, moja ina mlango upande wa sebule na nyingine upande wa korido. Ukipata nafasi zitazame, hilo ndilo la kuamua. Fundi hajasimama, ana kazi ya msingi hadi wiki ijayo.
>
> Kuanzia sasa mkutano wetu nimeufunga kwenye saa ya Boston, kwa hiyo hata saa zikisogea tena, kwako itabaki saa nne.

Kichwa cha barua kina saa mpya kwa sababu mama anatoka kazini usiku, amechoka, na anasoma arifa kwenye kioo kabla hajafungua chochote. Hata asipofungua, ameshajua ni lini.

"Samahani kwa kukusubirisha" inataja alichofanyiwa. "Usumbufu uliojitokeza" ni maneno ya tangazo la kukatika maji, kana kwamba usumbufu ulitoka wenyewe chini ya ardhi. "Mkanganyiko wa muda" nao hauna mwenyewe, na msomaji asiyeona mwenyewe huanza kushuku kwamba unamsukumia yeye. Hata "mmesogeza saa" niliifuta, nikaandika "saa ya Boston ilisogea", maana ile ya kwanza ilikuwa inamnyooshea kidole.

Maelezo ya sababu yaishie sentensi moja. Nilikuwa na aya nzima kuhusu kalenda na sheria za Marekani. Ilinifurahisha mimi, yeye isingemsaidia lolote.

Neno "kesho" limeondoka kabisa. Niliandika Jumatano jioni ya Dar. Angeifungua barua baada ya saa sita usiku wa kwake, ambapo kalenda imeshageuka kuwa Alhamisi, "kesho" yangu ya Alhamisi ingekuwa "kesho" yake ya Ijumaa. Tarehe haina ugonjwa huo.

Na nilitoa nafasi mbili, si tano. Ukimwambia mtu uliyemkosesha "niambie muda wowote unaokufaa", umemkabidhi kazi ya kupiga hesabu ambayo wewe mwenyewe umeshindwa kuipiga. Nafasi ya pili nayo iwe na saa ile ile ya kwanza, ili kinachobadilika kiwe siku tu.

Salamu ifuate uhusiano wenu. Mimi na mama huyu ni shikamoo. Kwa rika lako "Habari za leo" inatosha, na kwa kampuni usijitie unyenyekevu wa kupiga magoti, andika "Ndugu" na jina lake.

## Barua imeenda, lakini bado kuna dalili

Amejibu "Sawa" tupu. Sawa ya lipi? Ukiwa umetoa nafasi mbili, sawa tupu si jibu. Usimuulize upya, chagua ya kwanza na umrudishie kwa mstari mmoja: "Asante Mama, basi ni Ijumaa 13, 10:00 Boston." Kama hakutaka hiyo, atasema.

Ameuliza "Saa yenu au yetu?" Maana yake mji haukuonekana, hata kama uliuandika. Mara nyingi umezama katikati ya aya. Upandishe kwenye mstari wake peke yake, mji kwanza kisha saa, na wa mteja utangulie wa kwako.

Yuko kimya. Hesabu kwa saa zake za kuwa macho, si zako. Barua niliyotuma saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni ilimfikia saa tano na dakika ishirini asubuhi, yuko njiani kwenda kazini. Kabla ya asubuhi yake inayofuata, ambayo kwangu ni Alhamisi alasiri, kimya hicho hakina maana yoyote. Ikipita hapo, tuma ujumbe mfupi WhatsApp wenye tarehe na miji miwili, bila kuomba radhi mara ya pili. Samahani ya pili humfanya aanze kukuliwaza wewe.

Amekubali, lakini mwaliko wa kalenda unamwonyesha saa tofauti na barua. Hii ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu sasa una maandishi mawili yanayopingana na yote ni yako. Fungua tukio, tazama saa za eneo: utakuta umeandika 10:00 huku eneo likiwa bado Africa/Dar_es_Salaam, na kwake inasomeka 03:00. Rekebisha, tuma upya, na mwambie aufute ule wa kwanza.

Mama alijibu saa nane usiku wa Dar: "Ijumaa. Mlango wa korido, sebuleni watu watasikia kila kitu." Ile Jumatano ya kila wiki nimeifunga kwenye New York, kwa hiyo tarehe 1 Novemba itakapofika, ni kwangu ndiko mkutano utakaposogea kutoka 17:00 kurudi 18:00. Jumatano hiyo ya tarehe 4 nina miadi na fundi wa paa saa kumi na mbili jioni. Nimeshampigia, tumeisogeza.